Ya Nini, Ya Lini, Ya Nani? Jinsi ya Kulipa Jina Chapa ya Maziwa na Yogati Garissa

Simama karibu na mama anayeuza maziwa sokoni Garissa asubuhi yoyote, kisha sikiliza wateja wanauliza nini. Bei huja mwisho. Kwanza mtu huuliza, "Mama, haya ni ya nini?" maana hapa kuna maziwa ya ngamia, ya ng'ombe na ya mbuzi, na kila moja lina watu wake. Pili huuliza, "Ni ya lini?" maana jua la Garissa mara nyingi hupita nyuzi 35, na maziwa mabichi ambayo hayajapozwa hubadilika ladha ndani ya saa chache tu. Swali la tatu mara nyingi halisemwi kwa mdomo, lakini liko pale: ni ya nani? Yule mama anajulikana. Akiuza maziwa yaliyoongezwa maji leo, kesho mtaa mzima una habari.

Sasa wewe una kiwanda kidogo. Unakusanya maziwa kwa wafugaji, unayachemsha kwa kipimo, unayapoza, unayafunga kwenye chupa na kuyapeleka madukani. Chupa yako ikikaa ndani ya friji ya duka, hakuna mama wa kuulizwa maswali. Chupa ndiyo itakayojibu yote matatu. Wafanyabiashara wengi tunaowahudumia hujaribu kulibebesha jina moja majibu yote, na hapo ndipo mambo huharibika. Katika somo hili tutagawa kazi hiyo: jina lenyewe lijibu "ya nani", mstari ulio chini yake ujibu "ya nini", na muhuri wa siku ujibu "ya lini".

Neno la ubichi halina mwenyewe

Wazo la kwanza linalomjia karibu kila mtu ni kuunganisha jina la mji na neno la ubichi: Garissa Fresh, Tana Fresh, Maziwa Safi Garissa. Si wazo la kijinga. Mteja anaelewa papo hapo, huhitaji kumweleza. Na kuna waliofika mbali kwa njia hiyo. Kule Tanzania, Tanga Fresh ilianza miaka ya 1990 ikinunua maziwa kwa wafugaji wadogo wa Tanga, na leo jina hilo linajulikana hadi Dar es Salaam. Hapa kwetu, ushirika wa wafugaji wa Githunguri, Kaunti ya Kiambu, ulioanzishwa 1961, ulianza kusindika maziwa yake wenyewe 2004 kwa jina la Fresha.

Lakini tazama kilichoyafanya majina hayo yasimame. Nyuma ya kila moja kulikuwa na maelfu ya wafugaji, kiwanda kikubwa, na miaka mingi ya pakiti kuonekana dukani kila siku bila kukosa. Jina lilikuja kumaanisha kampuni hiyo baada ya kazi hiyo yote. Kiwanda cha lita mia moja kwa siku hakina muda huo wala pesa hizo. Ukijiita Garissa Fresh leo, jirani anaweza kuamka kesho akajiita Fresh Garissa, na wateja wasijue nani ni nani.

Sheria nayo inaliangalia jambo hili. Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inataka alama iwe na kitu cha kuitofautisha. Neno linaloeleza moja kwa moja sifa ya bidhaa, au ambalo kwa maana yake ya kawaida ni jina la mahali, halisajiliwi kirahisi. Sababu yake inaeleweka. Kila anayeuza maziwa ana haki ya kusema maziwa yake ni mabichi, na kila aliyeko Garissa ana haki ya kusema yuko Garissa. Huwezi kuwafungia wenzako maneno hayo. Ukileta ushahidi kwamba umelitumia jina muda mrefu hadi watu wanakujua kwalo, milango hufunguka. Ushahidi wa aina hiyo ndio biashara changa haina.

Kumbuka pia neno "mala". Limetokana na maziwa lala, yaani maziwa yaliyoachwa yakalala hadi yakaganda. Leo kila kiwanda kina mala yake, na mteja akisema "nipe mala", hajataja kampuni yoyote. Jina linaloeleza bidhaa vizuri sana huishia kuwa jina la bidhaa yenyewe, na mwenye kiwanda hubaki bila jina.

Jina moja, bidhaa mbili

Shida ya pili huonekana pale unapouza maziwa na yogati pamoja. Watu wengi hutafuta jina kwa kufikiria maziwa peke yake, kisha yogati inaingia baadaye na kukuta nyumba haina nafasi yake.

Chukua neno "dhay". Kwa Kisomali ni maziwa ambayo hayajachacha, yale ya kukamuliwa karibuni. Kwa chupa ya maziwa ni neno tamu: fupi, la nyumbani, na linajibu "ya lini" kabla mteja hajauliza. Sasa libandike kwenye kikombe cha yogati. Yogati ni maziwa yaliyochachushwa kwa makusudi. Umemwandikia mteja "hayajachacha" juu ya kitu kilichochacha. Mzee mmoja atacheka, kijana atauliza, na wewe utabaki kueleza. Ukienda upande wa pili, ukachukua "suusa", jina la maziwa ya ngamia yaliyochachushwa kwa njia ya asili, basi chupa yako ya maziwa matamu ndiyo inayopata shida. Mteja ataiacha akidhani imeganda.

Kwa hiyo jina kuu lisitaje hali ya maziwa. Litaje kitu ambacho maziwa na yogati vinashiriki: asubuhi, chombo cha maziwa, mto, kivuli, ukarimu kwa mgeni. Hali ya maziwa iandikwe chini, kwa maneno ya kawaida: "Maziwa matamu ya ngamia" kwenye chupa moja, "Yogati ya kunywa ya maziwa ya ngamia" kwenye nyingine.

Tumesema "ya kunywa" kwa sababu. Maziwa ya ngamia yana kidogo sana ile protini inayosaidia maziwa kushikana, inayoitwa kapa-kaseini. Ndiyo maana yogati yake hubaki nyepesi, wakati ya ng'ombe husimama kwenye kijiko. Ukiipa jina au picha inayoahidi uzito, mteja atafungua, ataona inamiminika, na ataamini umeongeza maji. Hilo ndilo shaka baya kuliko yote katika biashara hii. Maneno mawili, "ya kunywa", yanaliondoa kabla halijaingia kichwani.

Na picha ni sehemu ya jina. Ukichora ngamia kwenye chupa ya maziwa ya ng'ombe kwa sababu ngamia anapendeza, umejibu swali la "ya nini" kwa uongo. Garissa mtu hutambua maziwa ya ngamia kwa mdomo mmoja tu.

Jina lipite kwenye ndimi zote za mji

Garissa si mji wa lugha moja. Kuna Wasomali ambao ndio wengi, kuna Wamunyoyaya na majirani wengine wa Mto Tana, kuna walimu, askari, wauguzi na wafanyabiashara waliotoka kila pembe ya Kenya. Wote hunywa chai ya maziwa. Jina linalosomeka na nusu ya mji huuza nusu ya friji.

Mtego mkubwa hapa ni herufi mbili za Kisomali. Herufi C katika Kisomali ni sauti ya kooni, ile ya ain ya Kiarabu. Herufi X ni H nzito. Ukiandika "Caano", maana yake maziwa, Msomali atasoma vizuri. Mwalimu kutoka Kitui atasoma "kaano" au "chaano", na akitaka kumtuma mtoto dukani hatajua aseme nini. Mtu asiyeweza kulitamka jina haliombi. Atanyoosha kidole, au ataomba lile analolijua kutoka Nairobi.

Kuna jaribio rahisi, halina gharama zaidi ya kupiga simu. Chagua watu 20: kumi wanaozungumza Kisomali nyumbani, kumi wasiokijua. Mpigie kila mmoja, litaje jina mara moja tu, usilirudie, kisha mwambie akuandikie meseji yenye jina hilo. Usimwambie ni la bidhaa gani. Baada ya meseji, muulize swali moja: "Ukisikia jina hili dukani, unafikiri wanauza nini?" Kesho yake mpigie tena umuulize kama analikumbuka. Utapata vitu vitatu: kama linasikika, linaleta picha gani, na kama linakaa kichwani. Kura za "unalipenda?" hazikusaidii, kwa sababu rafiki zako watasema ndiyo kwa kila kitu.

Imani ya nyumbani bila kufunga mlango

Kila mtu husema anataka jina la "hapa kwetu". Sawa, lakini "hapa kwetu" ni wapi? Katika Kaskazini Mashariki swali hilo ni zito. Ukilipa chapa jina la familia kubwa, la ukoo au la kisima kinachojulikana kuwa cha watu fulani, wale wa karibu watafurahi. Wengine watasoma kwamba maziwa hayo si yao, na hawatakuambia. Wataacha kununua kimya kimya, nawe utadhani tatizo ni bei.

Majina ya dini yana mtego wake. Katika mji wa Waislamu, neno takatifu linaonekana kama njia ya mkato ya kupata imani. Lakini chupa ya maziwa ikiisha hutupwa, na pakiti huraruliwa kwa meno. Wapo wateja ambao moyo hauwapi kuona jina tukufu likikanyagwa njiani. Maneno ya heri ya kawaida, kama Baraka, hayana uzito huo, ila yana tatizo jingine: maduka, matatu na shule zimeshayatumia kiasi kwamba hayakutambulishi wewe.

Imani ya nyumbani hujengwa na kitu ambacho mtu anaweza kukihakiki. Andika kwenye lebo mtaa kiwanda kilipo, na namba ya simu inayopokelewa. Mteja anayejua kiwanda kiko nyuma ya Soko Ng'ombe, na kwamba anaweza kuja na chupa iliyoharibika akakutana na mtu, ana imani kuliko yule aliyesoma neno "bora" mara tano. Ushirika wa akina mama wa Anolei mjini Isiolo, wanaokusanya maziwa ya ngamia na kuyasafirisha hadi Eastleigh, Nairobi, unauzia watu walio mbali sana na malisho. Kinachosafiri pamoja na mitungi ni kujulikana kwa waliokusanya maziwa hayo. Jina lako litafanya kazi hiyo hiyo kama kweli nyuma yake kuna watu wanaofikika.

Mfano: kutoka majina matano hadi moja

Tufanye hesabu hii kwa kiwanda cha mfano, tulichokitunga kwa ajili ya somo. Kinapokea lita 120 za maziwa ya ngamia kwa siku. Maziwa hufika saa moja asubuhi, huchemshwa hadi nyuzi 63 kwa dakika 30, hupozwa haraka hadi nyuzi 4, na kufungwa kwenye chupa za nusu lita. Lita 40 kati ya hizo huwa yogati. Mwenye kiwanda ana majina matano mezani: Garissa Fresh, Caano Geel, Dhay, Dhiil na Subah.

Garissa Fresh linaanguka kwa sababu tulizoona. Si lake peke yake, na siku akipeleka maziwa Wajir litakuwa jina la mji wa wengine.

Caano Geel maana yake ni maziwa ya ngamia, basi. Ni jibu zuri la "ya nini", kwa hiyo linafaa kwenye mstari wa chini kwa ajili ya wasomaji wa Kisomali. Kama jina kuu halimtofautishi na yeyote, na herufi C inawakwaza wengine.

Dhay linapita kwenye maziwa na kuanguka kwenye yogati.

Dhiil ni chombo cha asili cha maziwa, kile kilichosukwa na kufukizwa moshi. Hili ni jina zito. Halielezi bidhaa moja kwa moja, linaleta picha ya nyumbani, na chombo hicho hubeba maziwa ya kila hali. Lakini lina ahadi iliyojificha ndani yake. Anayekijua chombo hicho anatarajia harufu ya moshi. Maziwa ya kiwandani hayana moshi. Mama mkongwe ataonja na kusema hili si la dhiil. Kwenye jaribio la simu pia, tuseme watu saba kati ya wale kumi wasiojua Kisomali wameandika "dil" au "deal". Jina linawekwa pembeni.

Linabaki Subah. Kisomali asubuhi ni "subax", na ile X husomwa H nzito, hivyo tukiandika kwa H kila mtu anasoma sawa. Mswahili anasikia asubuhi, na aliyesoma madrasa anasikia sabah. Linafaa maziwa ya chai na linafaa yogati ya staftahi. Halisemi "mabichi", ila linamfanya mteja afikirie maziwa yaliyokamuliwa alfajiri. Tuseme kwenye jaribio 17 kati ya 20 wameliandika sawasawa, na walipoulizwa linauza nini, wengi wamesema chai, mkate au maziwa. Hakuna aliyesema sabuni wala simu.

Lakini angalia gharama yake. Ukijiita asubuhi, umeahidi asubuhi. Chupa ikifika dukani saa tisa alasiri, jina linakusuta. Kwa hiyo mwenye kiwanda lazima aamue kabla ya kuchapa lebo: je, pikipiki ya kusambaza inaweza kutoka kabla ya saa nne? Kama haiwezi, jina hilo si lake hata kama ni zuri kiasi gani.

Lebo yake sasa inasomeka hivi. Juu, kwa herufi kubwa: SUBAH. Chini yake: "Maziwa matamu ya ngamia. Caano geel." Kisha muhuri wa mkono unaobadilishwa kila siku: "Yamekamuliwa Jumanne alfajiri", pamoja na tarehe ya mwisho ya kutumia. Chini kabisa: mtaa, Garissa, na simu. Maswali yote matatu yamejibiwa, na kila jibu limekaa mahali pake.

Muhuri wa siku ni bora kuliko neno "leo". Chupa yenye "yamekamuliwa leo" inasema kweli siku moja tu. Ikilala ndani ya friji, kesho yake ni uongo. Jumanne ni Jumanne hata Alhamisi, na mteja anajihesabia mwenyewe.

Kulilinda jina

Hapa kuna jambo linalowaumiza wengi. Kusajili jina la biashara kwenye eCitizen, kupitia ofisi ya usajili wa biashara, hakukupi umiliki wa chapa. Cheti hicho kinasema tu kwamba unafanya biashara kwa jina hilo. Mwingine anaweza kusajili jina lilelile kama alama ya biashara na kukuandikia barua uondoe lebo zako, wakati umeshachapa elfu tano.

Alama ya biashara husajiliwa na KIPI, taasisi ya serikali inayosimamia mali ya ubunifu wa viwanda. Maziwa na yogati huingia daraja la 29, kwa hiyo ombi moja katika daraja hilo linabeba bidhaa zako zote mbili. Anza na utafutaji kwa fomu TM 27, ujue kama kuna jina lililokwisha sajiliwa linalofanana na lako. Hufanana si kwa tahajia tu, hata kwa sauti: Subah na Sabah ni karibu sana. Ukiambiwa njia ni nyeupe, unapeleka ombi kwa fomu TM 2. Likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la KIPI, na watu wana siku 60 za kupinga. Lisipopingwa unapata usajili wa miaka 10, unaoweza kuhuishwa.

Usichape lebo nyingi kabla ya majibu ya utafutaji. Kwa wiki za mwanzo tumia stika chache. Na usisahau kwamba jina halichukui nafasi ya kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya wala alama ya ubora ya KEBS. Mkaguzi akikuta chupa yenye jina zuri bila vibali, anaichukua na jina lake.

Jina kwenye simu ya mteja

Kuna mahali pamoja ambapo jina lako husomwa kwa makini kuliko dukani: kwenye skrini, kabla malipo hayajakamilika. Amebonyeza namba ya tili, ameweka kiasi, na simu inamwonyesha jina la anayelipwa. Kama chupa imeandikwa SUBAH na simu inaonyesha jina la mtu asiyemjua, au jina la duka la simu ulilofunga miaka mitatu iliyopita, anasita. Amefundishwa na sisi wenyewe kwamba jina lisipolingana asitume pesa. Yuko sahihi kusita.

Kwa hiyo ukishachagua jina, omba tili isajiliwe kwa jina hilo hilo, na uwe na cheti cha jina la biashara mkononi. Mara nyingi jina huonekana kwa herufi kubwa na nafasi ni ndogo, basi weka neno kuu mwanzoni: SUBAH MILK GARISSA, wala si GARISSA SUBAH MILK PRODUCTS, ambalo linaweza kukatwa. Kisha lipa shilingi chache wewe mwenyewe kwa simu nyingine na usome ujumbe unaokuja. Ule ujumbe hubaki kwenye simu ya mteja. Wiki ijayo akitafuta yale maziwa aliyonunua, ndiyo risiti yake, na ndiyo lebo yako ya pili.

Utajuaje kama jina linafanya kazi

Keti dukani saa moja, usijitambulishe, usikilize wateja wanaomba vipi. Wakisema "nipe Subah", jina limeshika. Wakisema "nipe yale ya kifuniko cha kijani", kifuniko ndicho chapa yako, na mshindani anaweza kununua vifuniko vya kijani kesho. Wakisema "nipe ya ngamia" na muuzaji akatoa yoyote, bado hujawa na jina.

Angalia pia chupa zinazorudishwa. Andika kila moja: siku ya kukamuliwa, duka, na sababu. Chupa nne zikirudi kutoka duka moja, huenda friji ya duka hilo huzimwa usiku kuokoa umeme. Mteja hajui habari za friji. Yeye anajua jina lililoandikwa kwenye chupa iliyomharibikia chai mbele ya wageni. Toa mzigo kwenye duka hilo hadi friji ikae sawa, hata kama mauzo yatapungua wiki hiyo. Mteja aliyekutana na Subah iliyochacha hatarudi kukuuliza kosa lilikuwa la nani.